Somo lililoniharibikia Kisian: Ripoti ya mwalimu mwanagenzi kuhusu vitate

SEHEMU ya mwisho ya andalio la somo huitwa 'Maoni'. Ni mistari miwili au mitatu chini kabisa ya ukurasa, ambapo mwalimu mwanagenzi hutakiwa kueleza jinsi kipindi kilivyokwenda. Wengi wetu huijaza hata kabla ya kengele kulia: "Somo lilifaulu. Wanafunzi walielewa."

Nami niliandika maneno hayo hayo siku moja ya Muhula wa Pili mwaka 2024, katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, pale ambapo barabara ya Bondo huachana na ile iendayo Busia. Jioni ya siku hiyo niliyakata kwa kalamu. Makala haya yanaeleza sababu ya kuyakata, pamoja na yale niliyoyaandika mahali pake.

Jinsi kipindi kilivyokwenda

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika Gredi ya Nne, darasa la wanafunzi 52, na mada ilikuwa vitate. Msomaji atakumbuka kwamba vitate ni maneno yanayokaribiana mno kimatamshi ilhali maana zake ni mbali kabisa: vua na fua, saba na shaba, zaa na saa. Tofauti yote hubebwa na sauti moja tu. Ikikosewa sauti hiyo, mvuvi anayevua samaki ziwani hugeuka kuwa mtu anayefua samaki kwa sabuni.

Nilikuwa na dakika 35. Nilibandika ukutani karatasi ya manila yenye jozi kumi na mbili, nikazichanganya zote pamoja: f na v, s na z, s na sh. Nikatamka, darasa likaitikia kwa sauti moja. Kelele zilikuwa za kuridhisha. Mhadhiri aliyetoka chuoni kunitathmini alikuwa ameketi nyuma ya darasa, nami nikajiambia kwamba mambo yananiendea vyema.

Kisha nikaanza kuwaita mmoja mmoja. Msichana mmoja wa dawati la mbele alisimama kusoma sentensi yenye neno 'mashua'. Akasema 'masua'. Nikamsahihisha. Akarudia 'masua'. Nikapaza sauti, nikalivuta neno: "ma-shu-a". Akasema "ma-su-a", polepole vilevile kama nilivyofanya mimi. Darasa likacheka. Nilimrudisha kwenye neno hilo mara saba, na kila mara kicheko kiliongezeka. Mara ya saba hakusema kitu. Aliangalia dawati lake na kuketi bila kuruhusiwa.

Tangu hapo hakuna aliyeinua mkono. Niliuliza maswali manane zaidi na nikajijibu yote. Ili kujaza muda uliobaki nikawapa imla ya maneno kumi, nikakusanya madaftari, nikaandika kwamba somo limefaulu.

Mhadhiri hakunikemea. Katika karatasi yake ya tathmini, chini ya alama ambazo sitazitaja, aliandika swali moja: wanafunzi walirudia maneno, lakini je, waliyasikia?

Madaftari yaliyonisuta

Swali hilo sikulielewa hadi jioni nilipokuwa nasahihisha imla. Mojawapo ya maneno kumi lilikuwa 'chupa'. Daftari la kwanza lilikuwa na 'shupa'. Nikaweka mkwaju mwekundu. La pili, 'shupa'. La tatu, 'shupa'. Nilipofika la kumi na tano nikaona kwamba takriban darasa zima limekosea neno lile lile, kwa namna ile ile.

Darasa zima haliwezi kukosea kwa bahati mbaya. Nilimwonyesha mwalimu wa darasa, mama aliyefundisha eneo hilo kwa miaka mingi. Aliyatazama madaftari, akaniomba nilitamke neno lenyewe. Nikalitamka. Akatabasamu.

"Wuoda," akasema, neno ambalo kwa Dholuo ni 'mwanangu', "watoto hawa wameandika ulichosema."

Mimi ni mzaliwa wa Kiambu. Kwetu, sauti inayoandikwa kwa herufi c hutamkwa karibu sawa na sh ya Kiswahili, na chai ya asubuhi huitwa 'shai' bila mtu kushtuka. Nilikuwa nimesema 'shupa' mbele ya watoto 52 na mhadhiri mmoja bila kujisikia. Niliwawekea watoto mikwaju kwa sababu ya kinywa changu mwenyewe, saa chache baada ya kumwaibisha msichana kwa kosa la aina hiyo hiyo.

Jambo hilo lilinifunza mambo mawili. La kwanza, sikio la mtu halisikii kosa la ulimi wake. Mwanaisimu Nikolai Trubetzkoy, ambaye kitabu chake kikuu kilichapishwa mwaka 1939 baada ya kifo chake, alifananisha lugha ya kwanza na chekeche: sauti za lugha ngeni hupitia humo, na zile zisizo na tundu lake huangukia tundu la jirani. Dholuo haina sh, haina z wala v. Kwa hiyo sh na z huangukia kwenye s, na v kwenye f. Chekeche langu mimi lina kasoro nyingine, wala si ndogo kuliko hiyo.

La pili lilikuwa la ajabu zaidi. Watoto waliandika 'shupa' kwa herufi sh. Ikiwa hawakuweza kuisikia sauti ya sh, waliiandikaje? Msichana wa 'mashua', ambaye mimi nilidhani hasikii, alikuwa ameandika 'shupa' kama wenzake.

Jaribio la masikio

Hapo ndipo nilipong'amua kosa kuu la kipindi changu. Nilidhani maradhi ni mamoja na dawa ni moja: mtoto akikosea, mrudishe, apaze sauti, arudie. Kumbe anayekosea matamshi huenda ana shida mojawapo kati ya mbili. Huenda hasikii tofauti yenyewe, au anaisikia barabara lakini ulimi haujui pa kwenda. Kwa macho, watoto hao wawili hufanana kabisa, kwani wote husema 'masua'. Kuwatenganisha kunahitaji jaribio ambalo ndani yake mtoto hatamki neno lolote.

Kwa kuwa sikukiamini tena kinywa changu, nilimpigia simu mwenzangu wa chuo, mzaliwa wa Likoni, nikamwomba anirekodie maneno 20. Kumi yalitoka katika jozi za f na v, kama vua na fua, vaa na faa, vuta na futa. Kumi mengine yalitoka katika jozi za s na sh, kama sindano na shindano, soka na shoka, kisa na kisha. Aliyachanganya bila mpangilio. Niliyacheza darasani kwa spika ndogo, kila neno mara moja. Watoto walikuwa na vipande vya karatasi, na kazi yao ilikuwa kuandika herufi moja tu: f au v, s au sh. Hakuna aliyesimama wala aliyechekwa, na kazi yote ilikwisha kwa dakika kumi na mbili.

Kusoma matokeo ya jaribio kama hili kunataka uangalifu. Herufi zikiwa mbili tu, mtoto anayebahatisha atapata takriban tano kati ya kumi. Kwa hiyo anayepata nne, tano au sita hajaonyesha kwamba anasikia chochote, ingawa karatasi yake inaonekana kama ya mtu aliyefika nusu ya njia. Nilichukua nane kuwa kiwango cha chini cha kusema kwamba mtoto anasikia.

Kwa s na sh, watoto 46 kati ya 52 walipata nane au zaidi. Kwa f na v, waliofika nane walikuwa 17 pekee, na wengi wa waliosalia walijazana katika nne, tano na sita. Msichana wa 'mashua' alipata tisa kwa s na sh. Kumpigia kelele neno hilo mara saba kulikuwa sawa na kumwonyesha mlango mtu anayeuona, lakini hana ufunguo.

Ufunguo ulikuwa katika Dholuo

Nilirudi kwa mwalimu wa darasa kumwuliza ufunguo huo utapatikana wapi. Alinijibu kwamba nimekuwa nikizihesabu sauti ambazo Dholuo haina, pasipo kuzihesabu ilizo nazo.

Tukazihesabu pamoja mezani. Dholuo ina th na dh, sauti zinazowasumbua Wakenya wengi wanaosema 'selasini' na 'zambi'. Mtoto wa Kisian husema thuol, yaani nyoka, na dhano, yaani binadamu, tangu akiwa mgongoni kwa mama. Ina ng' ya ng'ato, yaani mtu. Ina ch safi ya chak, yaani maziwa, ile ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Katika orodha hiyo fupi mlikuwa na dawa zote mbili.

Tuanze na sh. Sauti ya ch huundwa kwa hatua mbili zinazofuatana haraka mno: ulimi huziba hewa nyuma ya ufizi, kisha huiachilia ikapita kwa mkwaruzo. Mkwaruzo huo wa mwisho ndio sh. Basi mtoto anayeweza kusema chak anaweza kuombwa aanze neno hilo, lakini mkia wa ile ch auvute asiufikishe kwenye irabu: 'chshshsh'. Kinachobaki mdomoni ni sh. Akiisha kuihisi, huuacha mwanzo na kuanzia hapo hapo: 'sh', kisha 'sha', kisha 'shu', kisha 'mashua'.

Kuhusu v, tofauti yake na f haiko midomoni. Kwa zote mbili meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Tofauti iko kooni: nyuzi za sauti hutetemeka kwa v, zikatulia kwa f. Wanaisimu huita sauti ya kwanza ghuna na ya pili sighuna. Sasa, th na dh za Dholuo hutofautiana kwa njia hiyo hiyo, kwani th haitetemeshi koo ilhali dh huitetemesha. Mtoto wa Kisian anaijua kazi hiyo, ila hajawahi kuifanya huku meno yakiwa juu ya mdomo.

Hapa nilifanya kosa jingine ambalo ni afadhali nilitaje, maana vitabu vingi hulipita. Nilipowaambia watoto waweke vidole kooni na kusema 'fa' na 'va', wengi walisema koo inatetemeka kwa yote mawili. Hawakukosea. Irabu 'a' daima hutetemesha koo, nayo ndiyo waliyoihisi. Ni lazima konsonanti ishikwe peke yake na kuvutwa kwa muda wa pumzi moja, 'fffff', halafu 'vvvvv', bila irabu. Tuliporudi kwenye th na dh, tukazivuta vivyo hivyo, kisha tukahamisha meno hadi kwenye mdomo, nyuso zilianza kubadilika. Mvulana mmoja aliitoa v yake ya kwanza akashtuka, akaifanya tena peke yake kama anayewasha pikipiki.

Kipindi cha pili

Juma lililofuata nilifundisha mada ile ile upya. Badala ya jozi kumi na mbili za sauti tatu tofauti, nilichukua jozi nne za f na v pekee. Ile karatasi ya manila niliiacha ofisini.

Kila watoto wawili walipewa kadi nne zenye picha. Moja ilimwonyesha mtu akitupa wavu ziwani, nyingine mtu akifua nguo ukingoni. Ya tatu ilikuwa ya mtu avutaye kamba ya mashua, na ya nne ya mtu afutaye ubao. Mmoja alisema sentensi, kwa mfano "Baba anavua", na mwenzake akaonyesha picha. Akionyesha ya nguo, msemaji alijua mara moja kwamba ujumbe wake haukufika. Hakuhitaji mwalimu kumwambia kwamba amekosea, naye alijaribu tena kwa hiari yake, kwa kuwa alitaka aeleweke.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa niliyoiona. Katika kipindi cha kwanza, kosa la mtoto lilikuwa jambo kati yake na mimi, na wenzake walikuwa watazamaji. Katika cha pili, kosa lilikuwa ni wavu uliogeuka kuwa nguo, nao wawili wakacheka pamoja. Kicheko kilikuwapo siku zote mbili, lakini cha pili hakikumnyamazisha mtu. Kuhusu kuitikia kwa pamoja, nilikuacha kwa dakika mbili tu za mwanzo, kwani nilikuwa nimejua kwamba sauti 17 zilizo sahihi zinatosha kuficha 35 zisizo sahihi.

Kuhusu kusahihisha, nilijiwekea kanuni moja. Mtoto anaposoma au kusimulia simkatizi. Akisema 'samba' badala ya 'shamba', na maana haikupotea, namwacha aendelee, kisha mimi hulitumia neno hilo sahihi katika swali langu linalofuata. Namsimamisha pale tu maana inapopotea, au tunapokuwa kwenye zoezi la matamshi ambalo kila mmoja analijua kuwa ni zoezi.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Baada ya majuma matatu nilirudia jaribio la masikio kwa rekodi ile ile, nikiwa nimebadilisha mpangilio wa maneno. Waliofika nane katika f na v walipanda kutoka 17 hadi 38. Ni lazima niongeze kwamba huenda baadhi yao walikuwa wameizoea sauti ya yule mwenzangu wa Likoni, kwa hiyo ingefaa jaribio la pili litumie sauti ya mtu mwingine. Sikuliwaza hilo mapema.

Vinywa vilibadilika polepole kuliko masikio. Katika zoezi, watoto wengi waliitoa v. Uwanjani wakati wa mapumziko, mpira ukiwa miguuni, nilisikia 'futa' palipostahili 'vuta' kama zamani. Mtoto anapokuwa na haraka ya kusema, ulimi hurejea njia uliyoizoea. Hali hiyo si kushindwa, lakini wala si ushindi ambao ningeuandika katika sehemu ya maoni kwa maneno mawili. Na s na z, ambazo nilizibandika ukutani siku ya kwanza, sikuzigusa tena, maana muda wangu shuleni ulikwisha.

Yule msichana alikaa karibu juma zima bila kuinua mkono. Nilimwomba radhi, si mbele ya darasa ili asiangaliwe tena, bali alipoleta daftari lake. Nilimwambia kwamba mimi pia nina neno linalonishinda, nikamwomba anifundishe kusema chak. Alinisahihisha mara tatu. Aliponiona nakosea kwa dhati, alicheka.

Siku ya mwisho nilitoa imla ile ile ya maneno kumi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno 'chupa' kila asubuhi njiani. Madaftari 49 yalikuwa na ch. Matatu bado yalikuwa na sh, na safari hii sikuweka mkwaju mwekundu kabla ya kujiuliza nilivyolitamka.

Katika sehemu ya maoni ya kile kipindi cha kwanza, juu ya maneno niliyoyakata, sasa pameandikwa hivi: "Nilifundisha sauti tatu kwa mara moja na haikujifunzwa hata moja. Nilimsahihisha mtoto mmoja mara saba kwa sauti aliyokuwa akiisikia vyema, wala sikumwonyesha namna ya kuitoa. Nilitamka 'chupa' vibaya. Kipindi kijacho: jaribu masikio kwanza, sauti moja tu, na uanzie kwenye th na dh."